Zile namba sita za WhatsApp usimpe mtu, hata kama anayeomba ni shoga yako

Jamani mambo ya kuibiwa WhatsApp yamezidi hapa Tanga, na wengi wanaokuja kwangu (natengeneza simu, nipo Ngamiani) wanaanza na maneno yaleyale, "nimehakiwa". Ukimwuliza ilikuwaje unakuta hakuna aliyevunja kitu chochote, mtu aliombwa namba akaitoa. Kwa hiyo leo nataka nieleze hii kitu polepole, na haya maneno ya fishingi, enkripsheni, paswedi na hatua mbili nitayaeleza humohumo yanapojitokeza, mana ukiyasikia hewani tu hayakai kichwani.

Tuanze na WhatsApp inavokujua. Ukiiweka kwenye simu mpya haikuulizi paswedi, haina paswedi kabisa. Inakuuliza namba ya simu, halafu inatuma meseji yenye tarakimu sita kwenye hiyo namba. Ukiziandika basi inaamini kwamba laini unayo wewe, inakufungulia, na simu ya zamani iliyokuwa na akaunti inatolewa hapohapo. Kwa hiyo zile tarakimu sita ndo ushahidi pekee kwamba we ni we. Mwenye nazo kwa zile dakika chache ndo mwenye akaunti, awe Makorora awe Makambako.

Sasa tapeli anafanya hivi, na hapa nachukua kisa cha mama mmoja anayeshika hela za kikoba chao. Jioni anapata meseji ya WhatsApp kutoka kwa mwenzake wa kikoba, namba ni ileile, picha ileile ya mtoto kavaa joho, imeandikwa "shoga samahani, nimekosea nimeingiza namba yako, kuna kodi imekuja kwako naomba nitumie haraka". Na kweli kodi ipo (siyo ya nyumba), imeingia kwenye meseji za kawaida, tarakimu sita na chini yake kuna onyo la kiingereza kwamba usimpe mtu. Yeye onyo hakulisoma, kwanza ni kiingereza, pili anayeomba anamjua toka utotoni. Akazituma.

Alichokuwa hajui ni kwamba akaunti ya shoga yake ilishachukuliwa mchana kwa njia hiyohiyo. Aliyekuwa anaandika ni tapeli, ameshika simu yake huko aliko, ameandika namba ya huyu mama kwenye WhatsApp yake na sasa imekwama inasubiri tarakimu sita. Hiyo ndo fishingi. Watu wanadhani fishingi lazima iwe linki ya zawadi au ya bando la bure, hapana, fishingi ni kukuhadaa utoe siri yako mwenyewe kwa hiari, iwe kwa linki, kwa simu au kwa sauti ya mtu unayempenda. Zile linki nazo zipo, zinakupeleka kwenye ukurasa uliofanana na wa benki ili uandike namba ya siri, na usidanganyike na alama ya kufuli juu ya ukurasa, kufuli linamaanisha tu kwamba njia ya kwenda kwenye ule ukurasa imefungwa watu wa kati wasichungulie, halisemi aliye upande wa pili ni mwema. Tapeli naye anaweka kufuli, tena bure.

Haya, dakika chache WhatsApp ya mama ikamwambia namba yake haijasajiliwa tena kwenye simu hii. Akadhani bando limekata! Huku kwenye grupu la kikoba tapeli ameshaandika kwa jina lake, "wapenzi ile hela ya leo tumeni kwenye namba hii, yangu ina shida, jina litakuja la kaka yangu". Unaona hiyo sentensi? Ni ndugu yake ile meseji ya zamani ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tofauti ni kwamba ile ilikuwa inatoka kwa namba usiyoijua ukacheka ukafuta, hii inatoka kwa mweka hazina wako. Wawili wakatuma. Wa tatu alipoona jina la mwanaume asiyemjua akapiga simu ya kawaida kumwuliza, ndo mama akajua.

Alivokuja kwangu swali lake la kwanza lilikuwa, "si wanasema WhatsApp ina enkripsheni, sasa kaingiaje?" Swali zuri kweli. Enkripsheni ni kuuchanganya ujumbe kwa hesabu kiasi kwamba anayeudaka njiani anaona takataka tupu. WhatsApp iliiwasha kwa watu wote mwaka 2016, na funguo za kuufungua ujumbe zinakaa kwenye simu ya anayetuma na ya anayepokea, kampuni yenyewe haina. Fikiria barua iliyotiwa kwenye kisanduku cha chuma ambacho funguo unayo wewe na unayemwandikia tu. Lakini tapeli hakudaka barua njiani, alijiandikisha kuwa ndo wewe, na simu yake ikatengeneza funguo mpya kwa jina lako, kwa hiyo kuanzia hapo barua zote zinafungwa kwa ajili yake. Enkripsheni imefanya kazi yake vizuri kabisa, kwa mtu mbaya.

Kuna habari njema humo lakini. Meseji za zamani hazikwenda kwake, mana zile zilibaki kwenye simu ya mama. Alichopata ni magrupu aliyomo, majina ya waliomo, na meseji zilizoingia baada ya yeye kushika akaunti. Na wale mliokuwa mnachati naye mnaweza kuona kimstari katikati ya chati kinachosema security code yake imebadilika. Watu wanakipita tu. Kimstari hicho kinatokea hata mtu akinunua simu mpya kwa heri, kwa hiyo sio lazima iwe wizi, ila kikitokea halafu hapohapo mtu anaomba hela, mpigie. Mpigie simu ya kawaida, sio ya WhatsApp, mana ya WhatsApp itapokelewa na mwizi au ataikata.

Kurudisha akaunti ni rahisi kuliko watu wanavodhani, almuradi laini ipo mkononi. Tuliingiza namba yake upya kwenye simu yake, tukaomba tarakimu sita, zikaja kwake kwa sababu laini ni yake, tukaandika, mwizi akatupwa nje palepale. Ukikuta inakuambia subiri muda fulani kabla ya kuomba nyingine, subiri, usibonyezebonyeze, ukiomba sana muda unaongezeka.

Ila ikatokea kitu kingine: baada ya zile sita ikadai PIN nyingine ya tarakimu sita ambayo mama hajawahi kuiweka. Mwizi ndo kaiweka. Hapo wengi wanakata tamaa wanakwenda kununua laini mpya, kosa kubwa, usifanye. Mwizi ameshatoka kuanzia ulipoandika zile za meseji, wewe tu ndo hujaingia, na ukisubiri siku 7 WhatsApp inakuruhusu kuingia bila hiyo PIN. Siku 7 ni ndefu najua, hasa kama biashara yako ya ubwabwa inategemea oda za WhatsApp, lakini akaunti inarudi. Kwa siku hizo mama alitoa taarifa kwa simu na meseji za kawaida, na wale wawili waliotuma walipiga 100 kwa mtandao wao wa simu. Hapo ni bahati, hela ikikutwa bado haijatolewa kuna la kufanya, ikishatolewa kwa wakala kazi inakuwa ya polisi.

Sasa ile PIN aliyoiweka mwizi ndo yenyewe, ndo hatua mbili. Yaani hatua ya kwanza ni tarakimu zinazokuja kwa meseji, ya pili ni tarakimu ulizozichagua wewe na hazitumwi popote. Mama angekuwa nayo tangu mwanzo, mwizi angeandika zile za meseji akafika kwenye PIN akakwama. Unaiweka hivi: Settings, halafu Account, halafu Two-step verification, unachagua tarakimu sita, na itakuomba imeili. Usiweke mwaka wa kuzaliwa ukajazia sifuri, na usiweke zilezile nne za hela ya simu ukaongeza mbili mbele. Baada ya hapo WhatsApp itakuwa inakuuliza hiyo PIN mara mojamoja ukiwa unachati, na watu wanakuja mbio wakidhani ni mwizi, siyo, inakukumbusha usiisahau. Inaulizwa ndani ya WhatsApp yenyewe tu. Akikuuliza mtu, kwa chati au kwa simu, hata akijiita mhudumu, huyo ni yuleyule wa kwanza amerudia kwa hatua ya pili.

Imeili nayo, hapa ndo pana shida ya kwetu. Wengi imeili mlifunguliwa dukani siku mliyonunua simu, kijana akakuwekea jina lako na paswedi ni namba yako ya simu, tena kaiandika kwenye daftari lake ili ukirudi akukumbushe. Sasa PIN ukiisahau unairudisha kwa kupitia hiyohiyo imeili, kwa hiyo mwenye paswedi ya imeili ana njia ya kuifuta PIN yako. Badilisha. Paswedi nzuri siyo lazima iwe na madoido ya alama, chukua maneno manne yasiyohusiana kabisa uyaunganishe, kitu kama pweza na stuli na Jumatano na kingine unachokijua wewe (hii yangu msiichukue), ni ndefu, inakaa kichwani, na kuibahatisha ni kazi. Ila iwe ya imeili tu, usiitumie pengine.

Na PIN haizibi kila tundu. Mtu akishika simu yako ikiwa wazi anaweza kuunganisha kompyuta yake akawa anasoma chati zako kimya kimya, wewe hutolewi, na unaweza usigundue. Au anakutumia picha ya QR ati uiskani upate zawadi. Ingia sehemu iliyoandikwa Linked devices uangalie, ukikuta kifaa usichokijua kiguse uchague Log out. Mabinti wawili walishakuta kompyuta za mabwana zao humo, hayo mimi simo.

Namba ya tapeli usiishie kuiblok. Toa taarifa kwa meseji kwenda 15040, halafu fuata maelekezo watakayokujibu. Na ukiwa na simu mkononi piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua peleka kwa mtandao husika waifute, mana namba za kupokelea hela za wizi huwa zina jina la mtu, na siku nyingine hilo jina linaweza kuwa lako.