Kuandika malalamiko ya kunyanyaswa kazini

"Niko utumishi hapa Dodoma. Dada kaja analia, anasema bosi wake anamnyanyasa. Naandikaje bila kuonekana nimeshahukumu?"

Pole na kazi, ndugu. Ukiandika "bosi alimdhalilisha" umeshahukumu. Muulize lini, wapi, maneno gani hasa, nani alikuwepo, kisha andika: "Mlalamikaji anaeleza kuwa Jumanne asubuhi kikaoni, msimamizi alimwambia 'wewe ni mzigo' mbele ya wenzake wawili." Hata machozi, andika ulichokiona: "alilia akieleza", siyo "ameumizwa sana". Msomee, arekebishe, asaini.

Tafadhali usimwahidi siri ya asilimia 100. Hatua zikichukuliwa, mtuhumiwa ana haki ya kujua tuhuma ili ajibu. Mtajie watakaosoma maelezo yake kabla hajaanza kusimulia. Na karatasi usiisahau kwenye printa ya wote. Siri inaweza kuvujia hapo.