Shada la Majilio juu ya meza ndogo: uangalie sana mshumaa wa kwanza

Ilikuwa wiki ya tatu ya Majilio, jioni, tumemaliza sala na watoto wanaanza kuinuka. Binti yangu akasita mlangoni. "Mama, mbona kunanuka kama mbao mbichi?" Nikarudi mezani, nikainama. Mshumaa wa kwanza ulikuwa umebaki kama urefu wa kidole gumba juu ya kinara, na kitawi kimoja cha msonobari kilichojikunja kuelekea ndani kilikuwa kimeshageuka kahawia. Ncha yake ilitoa moshi mwembamba kama uzi. Moto haukuwa umeshika, lakini nilifunika ule mshumaa kwa kikombe cha chuma huku mikono ikitetemeka.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba sikuwa nimekosea siku ya kupanga. Siku ile mwali ulikuwa juu sana ya majani, na majani yenyewe yalikuwa mabichi. Nililopanga vizuri Jumapili ya kwanza lilijibadilisha lenyewe kidogo kidogo, kila jioni, nami nikiliangalia. Mwali ulishuka, majani yakakauka, mpaka vikakutana.

Kwa kuwa kila Jumapili huongezwa mshumaa mmoja, wa kwanza ndio unaowaka siku zote, na wa nne huwaka wiki ya mwisho tu. Majilio huwa na siku 22 hadi 28, kutegemea Krismasi imeangukia siku gani. Chukua mwaka wenye siku 28. Mshumaa mwembamba wa kawaida, wenye unene wa sentimita mbili hivi, hupungua karibu sentimita mbili na nusu kwa saa moja. Ukiuwasha dakika 20 kila jioni, mpaka mwisho utakuwa umewaka zaidi ya saa tisa, yaani umepoteza kama sentimita 23. Mishumaa yangu ilikuwa na urefu wa sentimita 25, na sentimita mbili zilikuwa ndani ya kinara. Piga hesabu mwenyewe: hakuna kilichobaki juu. Wa nne kwa muda huohuo hupoteza sentimita sita tu. Ndiyo maana mtu akitazama shada kwa mbali huona mishumaa mitatu mirefu mizuri, na macho hayaendi kwa ule mfupi uliojificha katikati ya majani.

Mishumaa haifanani, kwa hiyo pima ya kwako kabla ya Jumapili ya kwanza. Washa mmoja saa nzima mahali pasipo na upepo, uzime, upime umepungua kiasi gani, kisha uzidishe kwa saa unazokusudia. Mimi sasa nawasha dakika 10 tu kila jioni, muda wa somo fupi na sala. Mshumaa wa kwanza humaliza Majilio ukiwa na kama sentimita 11 juu ya kinara, na ile ngazi ya mishumaa inayopanda kutoka wa kwanza hadi wa nne inabaki kuonekana. Wanaopenda kukaa muda mrefu waubadilishe ule wa kwanza kwa mpya Jumapili ya tatu, siku ya kuwasha ule wa rangi ya waridi. Vyovyote vile, ukibaki sentimita tano juu ya kinara, kazi yake imekwisha.

Jambo la pili nililobadilisha ni mahali pa majani. Zamani nilikuwa nafunga shada kwanza, halafu nachomeka vinara ndani ya matawi. Sasa naanza na vinara. Meza yangu ni ya duara, upana wake sentimita 50. Juu yake naweka sinia la chuma la sentimita 40 lenye ukingo ulioinuka, ili nta ikimwagika isifike kwenye mbao. Vinara vinne vya chuma, kila kimoja na kisahani chake, navipanga katikati ya sinia, mshumaa hadi mshumaa sentimita 11 hivi. Ikikaribiana zaidi, joto la mmoja hulainisha mwingine na nta inaanza kutiririka upande mmoja. Majani yanakaa nje ya vinara, yakizunguka ukingoni mwa sinia, na hayapandi juu kuliko nusu ya urefu wa kinara. Mishumaa iko ndani ya shada, lakini haiko ndani ya majani. Kwa anayeingia sebuleni shada linaonekana lilelile.

Ukitaka kujua kama nafasi inatosha, pitisha vidole vitatu vilivyobanana kati ya kila mshumaa na tawi lililo karibu nao. Visipopita bila kugusa, kata tawi.

Mshumaa wenyewe usicheze ndani ya kinara. Wengi hukazia kwa kuzungushia karatasi chini, na karatasi hiyo ndiyo itakayoshika moto mwali ukifika huko. Chovya kitako cha mshumaa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, kikilainika kaushia kwa kitambaa, kisha ukandamize ndani ya kinara na uushikilie wima mpaka upoe. Ukiutikisa mshumaa, kinara kizima ndicho kinapaswa kutikisika. Vinara vya plastiki au mbao sivitumii kabisa. Utambi naukata ubaki nusu sentimita kila ninapowasha, maana mrefu hutoa mwali mkubwa na masizi.

Meza ndogo ina udhaifu wake: hupinduka. Isukume kidogo kwa kiwiko kama atakavyoisukuma mtoto anayepita mbio. Ikiyumba, weka kitu kizito kwenye rafu yake ya chini au tafuta meza nyingine. Kitambaa kinachoning'inia ukingoni nimekiondoa, kwa sababu mtoto mdogo akishika pindo hilo sinia zima linamfuata. Pazia liwe mbali kiasi kwamba upepo ukilipeperusha halifiki. Na juu ya meza kusiwe na rafu wala mapambo yanayoning'inia.

Majani nayabadilisha kila Jumamosi. Kunja sindano moja ya msonobari kati ya vidole: mbichi hupinda, kavu huvunjika kwa mlio. Zikianza kuvunjika, toa tawi zima. Kulinyunyizia maji tawi lililokwisha kukauka hakulirudishii ubichi, na utomvu wake bado unawaka haraka. Mwaka ambao siwezi kupata mabichi kila wiki, naacha majani na kupanga mawe meupe kuzunguka vinara. Duara la mwanatheolojia Johann Wichern kule Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, linalohesabiwa kuwa shada la kwanza la Majilio, lilikuwa gurudumu la mbao na mishumaa tu. Matawi yaliongezwa baadaye.

Wakati wa kuzima, usipulize. Pumzi hurusha nta ya moto na cheche za utambi moja kwa moja kwenye majani. Funika kila mwali kwa kikombe kidogo cha chuma, hesabu hadi tano, kisha inua uangalie kama utambi umeacha kung'aa. Chini ya meza yangu kuna mfuniko wa sufuria kubwa, mpana kuliko duara la vinara, na taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Nta ikiwaka usimwagie maji, maana huruka na kuusambaza moto. Unafunika.

Sitoki sebuleni mshumaa ukiwa unawaka, hata kufungua mlango. Binti yangu ndiye anayezima sasa, kuanzia ule mfupi, na kabla ya kuondoka huinama anuse majani.