Thalaathatu hammaamaat au thalaathu hammaamaat?

"Asalam aleykum ustadh. Kwenye zoezi la Kiarabu la kuandika tangazo la nyumba niliandika fil-bayti thalaathu hammaamaatin wa arba'atu ghurafin, mwalimu kakata kote kuwili. Si tumefundishwa namba iende kinyume na jinsia ya kitu? Hammaamaat ina -aat ya kike nikatoa ile herufi taa marbuta mwishoni mwa namba, ghuraf haina alama yoyote ya kike nikaweka taa. Sasa kosa liko wapi?"

Waaleykum salaam. Kinyume umekifanya vizuri tu, shida umeangalia wingi, na kwenye 3 mpaka 10 jinsia inasomwa kwenye umoja wa neno. Wingi wa Kiarabu ni muongo sana kwenye mambo ya jinsia, usiuamini hata kidogo.

Rudisha hammaamaat kwenye umoja unapata hammaam, bafu, na Mwarabu anasema haadhaa hammaamun, kwa hiyo ni la kiume ingawa wingi wake umevaa -aat. La kiume linataka namba yenye taa marbuta: thalaathatu hammaamaatin. Ghuraf nayo umoja wake ni ghurfa, chumba, haadhihi ghurfatun, ya kike, namba inavua taa: arba'u ghurafin. Sentensi yako basi inakuwa fil-bayti thalaathatu hammaamaatin wa arba'u ghurafin. Kule mwisho umeweka kasra na tanwini sawasawa, kwa sababu kinachohesabiwa hapa ni wingi na kiko majrur.

Hiyo haadhaa na haadhihi ndo kipimo ninachowapa wanafunzi wangu wote, kabla hujaandika namba sema kimoyomoyo "hiki kimoja" kwa Kiarabu. Itakuokoa kwa mataaraat, viwanja vya ndege, maana umoja ni mataar wa kiume hivyo khamsatu mataaraatin, na itakuokoa pia kwa khaliifa ambaye ana taa mwishoni lakini ni mwanaume, haadhaa khaliifatun, kwa hiyo arba'atu khulafaa na sio arba'u.

Ukitaka mfano usiosahaulika fungua Suratul Haaqqa aya ya 7, pale kaumu ya Aad walipopelekewa upepo: sab'a layaalin wa thamaaniyata ayyaamin, usiku saba na siku nane. Layla ni ya kike, saba ikavua taa, yawm ni la kiume, nane ikaivaa, yote mawili kwenye pumzi moja.

Kwa nini iwe kinyume? Wanasarufi wa zamani walieleza kwamba namba asili yake ilikuwa na taa, wa kiume kwa kuwa ndo anatangulia akaichukua hivyo hivyo, alipokuja wa kike ikabidi taa itolewe ili watofautiane. Ukiridhika nayo sawa, usiporidhika sawa pia, ila usidhani ni ukaidi wa Waarabu peke yao maana Kiebrania nacho kinafanya hivyo hivyo, jamaa wa ukoo mmoja hao.

Sasa kuna sehemu watu wazima kabisa wanakwama, pale kitu kinachohesabiwa hakijatajwa. Chukua aya ya eda ya mjane, Baqara 234: arba'ata ashhurin wa 'ashran. Miezi minne iko wazi, shahr ni wa kiume, arba'a ina taa. Lakini hiyo kumi mbona haina taa na sisi tunatafsiri "siku kumi"? Ingetajwa ayyaam ingekuwa 'asharata ayyaamin. Wafasiri wengi wanasema kinachohesabiwa hapo ni layaali, mausiku, kwa sababu Waarabu tarehe zao zinaanzia usiku na mchana wake unaingia humo humo. Wanasarufi nao wanaongeza kwamba kitu kikishafichwa, namba inaruhusiwa kuvua taa hata kama ni cha kiume, ndo maana hadithi ya sita za Shawwal inasema sittan min Shawwaal, na hakuna anayefunga usiku. Ila hiyo ruhusa ni ya kitu kilichofichwa tu, kwenye tangazo lako bafu umelitaja kwa hiyo huna pa kujitetea.

Na ukifika kumi angalia shiini. Ikiwa na taa inasomwa kwa fat-ha, 'asharatu kutubin, vitabu kumi, ikivua taa shiini inapata sukuni, 'ashru ghurafin. Wengi wanapatia taa halafu wanasoma 'ashara kotekote. Mtaani huko Waarabu wenyewe wanachanganya sana haya kwa lahaja zao, kwa hiyo usishangae dereva wa teksi akikuvurugia, ila kwenye karatasi ya mtihani andika fus-ha.