Kodi ya mishahara: anayepeleka hela siye lazima anayeumia

"Bosi anasema kodi ya mishahara analipa yeye mwenyewe, sisi haituhusu. Kweli?"

Ndugu, kupeleka hela ni kitu kimoja, kuumia ni kingine kabisa. Cheki nani anaweza kukwepa. Tuseme mshahara ni 1,000, serikali inamdai bosi 100 kwa kila mfanyakazi. Gharama ya mtu ikipanda 1% bosi anapunguza watu 0.6%, ila mshahara ukishuka 1% ni 0.2% tu wanaoacha kazi, maana wengi hawana pa kwenda. Sasa fungu lenu la hiyo 100 ni 0.6 ÷ (0.6 + 0.2), yaani 75%, kwa hiyo mshahara unatulia kwenye 925 na bosi gharama yake inakuwa 1,025, kaumia 25 tu, na ajira zinapungua kama 1.5%. Wangewakata nyie hiyo 100 kwenye payslipu, mshahara kabla ya makato ungepanda hadi 1,025, mngebaki na 925 hiyohiyo.

Ila haitokei kesho. Mshahara wa mkataba haushuki ghafla, so mwanzoni bosi anabeba kweli, halafu utaona nyongeza haziji huku bei zinapanda. Na kama mko kima cha chini hawezi kushusha, hapo anapunguza watu.