Mishale haifuati skrini: rekebisha sifuri yake, usiguse muda

"Wakuu, saa yangu ina mishale na skrini ndogo. Skrini iko sahihi, mishale imetangulia dakika saba. Kila nikiweka muda upya, mishale inasogea lakini tofauti inabaki ileile. Nifanyeje?"

Mkuu, maelezo yako yenyewe yanaonyesha tatizo liko wapi. Kwenye saa za aina hii mota husogeza mshale hatua kwa hatua, na saa huhesabu hatua ilizotuma. Haina jicho la kuona mshale umefika wapi. Mshtuko au sumaku ya spika ikivuruga hatua kadhaa, saa inaendelea kuamini hesabu yake, na kosa linabebwa kila unapobadilisha muda. Yangu ilianza hivyo baada ya kulala karibu na spika.

Kinachotakiwa ni kuionyesha saa mahali saa sita kamili ilipo. Kwenye Casio nyingi unabonyeza kitufe cha kurekebisha, mara nyingi cha juu kushoto, na kukishikilia. Baada ya muda mfupi huja ADJ; hapo wengi huachia, wakajikuta wanaweka muda tu. Endelea kushikilia mpaka skrini iandike H.SET au maandishi yanayofanana nayo, na 0:00. Mishale itakimbia kwenda kwenye 12. Yako itapita na kusimama dakika saba mbele. Irudishe kwa kitufe cha kurudisha nyuma mpaka yote miwili ilale juu ya 12, kisha toka. Kama mshale wa dakika unaruka sekunde 20 kwa hatua, dakika saba ni mibonyezo 21, kwa hiyo usikate tamaa ukiona hausogei sana. Ukitoka, mishale itajipeleka yenyewe kwenye muda wa skrini.

Hatua hizo za sekunde 20 zina maana nyingine: skrini ikibadilika, mshale unaweza kuwa nyuma kidogo. Huo si ubovu, usiufukuze.

Mishale ikiwa kwenye 12, utazame vizuri mshale mfupi. Kama ule wa dakika uko sawasawa na mfupi umeegemea kati ya 12 na 1, na mota ni moja kwa yote miwili, basi mshale umeteleza kwenye mhimili wake. Hakuna kitufe kitakachotibu hilo, mpelekee fundi saa aung'oe na kuupachika upya.

Kuna saa nyingine ambazo mishale na skrini havijuani kabisa. Hizo H.SET yake ni ya kusogeza mishale mbele tu: unaipeleka mpaka ilingane na skrini. Ikipitiliza kidogo, hairudi, inabidi izunguke saa 12 nzima, kwa hiyo achia kitufe cha kasi mapema na umalizie mbonyezo mmoja mmoja.

Tofauti ikirudi baada ya wiki chache bila kuanguka wala kukaribia sumaku, badilisha betri kwanza. Betri iliyochoka huwasha skrini vizuri huku mota ikikosa nguvu ya kumaliza hatua.