Kuripoti ICC ya vipimo vilivyorudiwa

“Nimepima nguvu ya mshiko wa mkono mara mbili, wiki moja ikipita katikati. Je, kuandika ICC pekee kunatosha?”

Ndugu, hakutoshi, kwa kuwa ICC, yaani kigezo kinachoonyesha jinsi vipimo vilivyorudiwa vinavyolingana, ina aina zaidi ya moja. Chukua watu watatu waliopata kilo 20, 24 na 28, kisha wakapata 23, 27 na 31: ICC ya uthabiti itakuwa 1.00, kwa kuwa haijali kwamba kila mmoja amepanda kilo 3, ilhali ya makubaliano kamili itakuwa 0.78. Ongezeko hilo, ambalo huenda ni mazoea tu ya kushika kifaa, ni kosa la kuhesabiwa. Kwa hiyo andika “modeli ya njia mbili yenye athari mchanganyiko, makubaliano kamili, kipimo kimoja”, pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95. Ukichambua wastani wa vipimo viwili, ICC itapanda, basi useme hivyo.