Mpambe anapoacha kazi: kuandika barua ya kuchekesha yenye hofu ndani yake

Wengi wanaoanza kuandika barua ya kuchekesha ya mpambe wa mwovu anayeacha kazi hukosea kwenye aya ya kwanza, kwa kumpa mwovu nafasi kubwa. Wanamvika joho, wanampa jicho la kioo na kicheko cha kutisha, na mpambe anabaki kuwa kipaza sauti cha kumtangaza bosi wake. Barua ni ya mpambe. Mwovu anatosha mistari miwili, na uovu wake uwe kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukieleza barazani bila kupumua mara ya pili.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Bosi Mkuu anaishi pangoni penye bwawa la mamba, na anataka kuuficha mwezi wa Idd. Ana ghala limejaa tende na tambi, na anaamini mwezi usipoonekana mfungo hauishi, naye ataendelea kuuza futari. Amefuma turubai la mita 40 kwa 40, litakalopandishwa angani na matiara 12 kutoka ufukweni. Mpambe wetu anashika kamba ya kaskazini. Amefanya kazi miaka 11 na sasa anataka kuacha. (Turubai la namna hiyo halifichi mwezi kwa mtu aliye mtaa wa pili. Usilirekebishe. Mpambe anaamini litafanya kazi, na imani hiyo ni sehemu ya hali yake.)

Kinachochekesha hapa ni umbo la barua ya kiofisi: anwani, tarehe, kichwa cha habari, mwili, saini, nakala. Mpambe anajificha nyuma ya umbo hilo kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Kwa hiyo usilikejeli. Ukianza kuandika anwani za kipuuzi na tarehe za kipuuzi, umemwondolea mahali pa kujificha. Kama msomaji wako ni wa Tanzania andika YAH, kama ni wa Kenya andika KUH au MINT, lakini usichanganye. Mwanzo wake uwe hivi:

Bosi Mkuu,
Pangoni.

YAH: KUACHA KAZI YA UPAMBE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpambe wako wa kamba ya kaskazini. Naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia, za kiafya na za mamba.

Kicheko kimekaa kwenye "na za mamba", na kimekuja kwa sababu sarufi haikushtuka. Sababu ya tatu imepita kwenye foleni ileile ya "za" kama wenzake. Ukiweka alama ya mshangao pale, au ukiandika "na pia, usicheke, mamba", kicheko kinakufa, maana sasa mpambe anajua kwamba anachekesha. Hatakiwi kujua. Yeye anadhani anaandika barua nzuri.

Sasa hofu. Mpambe huyu awe na hofu tatu, kila moja kina chake. Ya juu ni mamba, na hiyo anaitaja mwenyewe bila aibu. Ya kati ni Bosi, ambayo hathubutu kuitaja kwa sababu Bosi ndiye msomaji wa barua. Ya chini kabisa ni yeye mwenyewe, na hiyo hajui kama ameiandika. Neno "naogopa" litokee mara moja tu katika barua nzima, na liwe juu ya jambo dogo, kama ngazi ya pangoni inayoteleza. Msomaji akishaliona neno hilo limetumika kwa ngazi, ataanza kujiuliza mbona halikutumika kwingine.

Hofu ya kati huiweki kwenye maneno ya huzuni, unaiweka kwenye hesabu za siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 28. Mpambe mwaminifu ataifuata hata pangoni. Sasa mwache akabidhi barua mwezi mosi Ramadhani. Jioni ya mwezi 29 ndipo watu wanapopanda juu ya mapaa kuutafuta mwezi, na ndiyo jioni ya turubai. Akiihesabu siku ya kukabidhi barua, notisi inaisha mwezi 28 na yeye yuko huru kabla ya kazi. Akianza kuhesabu kesho yake, siku ya 28 inaangukia mwezi 29, na atakuwa ufukweni na kamba mkononi. Kwa hiyo anaandika:

Kwa mujibu wa sheria natoa notisi ya siku 28. Naomba ofisi yako inithibitishie kwa maandishi kama leo inahesabiwa. Nimeuliza mara mbili kwa mdomo na mara zote mbili ofisi yako ilitazama bwawani.

Hakuna mahali aliposema kwamba anamwogopa Bosi. Ameomba ufafanuzi wa siku moja. Lakini msomaji ameona kwamba maisha yake yote yamening'inia kwenye siku hiyo, na ameona Bosi alikotupa macho. Angalia pia "ofisi yako". Mpambe asimwite Bosi "wewe" katika nusu ya kwanza ya barua. Ofisi ndiyo inayotazama, ofisi ndiyo inayokohoa, ofisi ndiyo iliyosahau mshahara wa miezi mitatu. Siku "ofisi yako" itakapoteleza ikawa "wewe", msomaji atasikia mlango umefunguka.

Hofu ya chini inataka kazi ya vitenzi, na hapa Kiswahili kinakupa zana. Mpambe alikuwa na mtangulizi, na mtangulizi aliliwa na mamba. Tukio hilo moja lirudi mara tatu katika barua, kila mara kwa kitenzi kingine. Mara ya kwanza, karibu na mwanzo, liwe lugha ya masijala: "Nilihamishiwa kamba ya kaskazini baada ya nafasi hiyo kuachwa wazi." Hakuna mtu, hakuna mamba, kuna nafasi tu. Mara ya pili, katikati, aingize mtu lakini afiche mtenda: "Mtangulizi wangu alitupwa bwawani siku ya Jumanne." Kauli ya kutendwa imezoeleka mno kwenye barua za ofisi, kiasi kwamba hakuna anayeuliza alitupwa na nani. Mara ya tatu, karibu na mwisho, wakati anazungumzia jambo jingine kabisa, limponyoke:

Kuhusu vifaa, nakabidhi kamba, glavu jozi moja na buti. Buti ni za mtangulizi wangu. Zilibaki mikononi mwangu tulipomtupa.

Silabi moja, "tu", imefanya kazi yote. Kwanza ilikuwa "kuachwa", kisha "alitupwa", sasa ni "tulipomtupa", na buti zinaeleza ni nani aliyeshika miguu. Usiongeze sentensi ya kujutia. Aya inayofuata irudi moja kwa moja kwenye vifaa: glavu ya kushoto ina tundu kidoleni. Anayeanza hushindwa kujizuia hapo, anaandika "tangu siku hiyo sijalala", na papo hapo mpambe anageuka mtu wa kuhubiri. Asilale, sawa, lakini hilo lionekane kwenye makabidhiano.

Makabidhiano ndiyo sehemu tajiri kuliko zote, na ndiyo inayoachwa mara nyingi. Mtu anayeondoka kazini huandika orodha ya anachoacha na maelekezo kwa anayemrithi. Mpambe wetu amekaa na Bosi miaka 11, anajua mambo ambayo hata mkewe Bosi hayajui. Mpe maelekezo manne, yasizidi, yaanze ya kikazi yaende yakiingia ndani:

Mamba walishwe saa 12 asubuhi, kabla hawajaamua wenyewe. Kamba ya kaskazini ipakwe nta kila Ijumaa. Chai ya Bosi isiwe na tangawizi, inamchoma, ila atasema haimchomi. Taa ya chumbani kwake isizimwe usiku. Akiuliza nani ameiacha inawaka, mrithi aseme amesahau. Mimi nimesahau kila usiku kwa miaka 11.

Hapo barua imepata kitu ambacho mzaha peke yake haukipati. Bosi anaogopa giza, mtu anayetaka kuufunika mwezi. Mpambe anajua, na amemlindia aibu hiyo. Uaminifu wake si ujinga tena, na kuondoka kwake kunauma. Ukiiruka sehemu hii, mpambe anakuwa mtumwa mwoga tu, na msomaji hana sababu ya kubaki naye.

Kuhusu urefu, maneno 450 hadi 600 yanatosha kwa barua yenyewe. Ikizidi, umbo la kiofisi linaanza kuchosha, na msomaji anakumbuka kwamba barua halisi ya kuacha kazi ni ukurasa mmoja. Mamba watajwe mara nne au tano tu katika barua yote. Waandishi wengi huwageuza mamba kuwa kibwagizo, na kufikia mara ya nane hawatishi wala hawachekeshi, wamekuwa mbuzi.

Isome kwa sauti kavu, sauti ya karani anayesoma muhtasari wa kikao. Mahali unapojikuta unataka kubadili sauti ili watu wacheke, pana tatizo: sentensi haijitegemei. Mara nyingi dawa ni kuhamisha neno la kuchekesha liwe la mwisho. "Mamba ni sababu mojawapo ya kiafya" ni hafifu. "Sababu za kiafya ni mamba" inasimama.

Kinachobaki ni kufunga. "Wako mtiifu" ni mtego mzuri, kwa kuwa mtu anayeacha kazi bado analazimika kuuandika. Mwache auandike, akate kwa mstari, kisha auandike tena. Ombi la cheti cha utumishi nalo liwepo, ni haki yake kisheria kazi inapokoma. Hapo ndipo "wewe" inapoingia kwa mara ya kwanza, na inaingia kama jina ambalo Bosi amemwita mpambe miaka yote. Baada ya hapo ni saini na nakala, na nakala zisizidi mbili:

Naomba cheti cha utumishi, na jina langu liandikwe kamili. Linaanza na herufi M. Si "Wewe".

<s>Wako mtiifu,</s>
Wako mtiifu,

Mpambe, Kamba ya Kaskazini

Nakala kwa:
Jalada.
Mama (asomewe yote, isipokuwa pale kwenye buti).